Modeli moja, namba tatu: 0.90, 0.89 na 0.71. Niandike ipi kwenye memwari?

MwanaKadutu (Bukavu)
Habari zenu wakubwa. Modeli yangu inatazama picha ya jani la muhogo na kuliweka katika kundi moja kati ya manne: mozaiki, jani zima, michirizi ya kahawia, au ugonjwa wa bakteria. Kila picha ina jibu moja tu. Nilitenga picha 500 ambazo modeli haijawahi kuziona, nazo zimetoa hii:

```
              precision  recall  f1-score  support
mozaiki           0.922   0.964     0.942      330
mazima            0.879   0.927     0.903      110
michirizi         0.771   0.600     0.675       45
bakteria          0.750   0.200     0.316       15

accuracy                            0.900      500
macro avg         0.831   0.673     0.709      500
weighted avg      0.894   0.900     0.891      500
```

Direktere wa memwari anataka namba moja kwenye muhtasari. Nikiandika 0.90 watapiga makofi, nikiandika 0.71 wataniuliza maswali. Mwenzangu ananishauri niongeze pia mikro: presisheni ya mikro, rikoli ya mikro na F1 ya mikro, jedwali lionekane limekamilika. Nifuate lipi?

FundiWaData
Andika ile ya `weighted avg`, usijisumbue. Data yako haina uwiano, mozaiki ni 330 na bakteria ni 15. Wastani wenye uzito umewekwa kwa ajili ya hali hiyo hiyo. Makro inafaa pale makundi yote yanapolingana idadi.

Himbi_G (Goma)
Ndugu Fundi, hapo umeigeuza kichwa chini. Uzito unaotumika ni idadi ya picha za kila kundi, kwa hiyo mozaiki inabeba 330 kati ya 500 za namba nzima na bakteria inabeba 15. Kutokuwa na uwiano hakurekebishwi hapo, kunaingizwa ndani ya namba kama kulivyo. Bakteria ikipata F1 ya 0.316 au ikipata sifuri kabisa, wastani wenye uzito unatikisika kwa chini ya 0.01: ni 0.03 ya uzito mara 0.316. Makro yenyewe inampa kila mmoja robo. Na makundi yakilingana idadi, makro na wenye uzito zinakuwa namba ile ile, kwa hiyo hapo hakuna hata cha kuchagua.

MwanaKadutu, tuwekee jedwali la mkanganyiko. Bila hilo tunabishana juu ya kivuli.

MwanaKadutu
Aksanti mukubwa. Mistari ni ukweli, safu ni jibu la modeli, kwa mpangilio ule ule:

```
             moz  maz  mic  bak
mozaiki      318    8    4    0
mazima         6  102    2    0
michirizi     12    5   27    1
bakteria       9    1    2    3
```

Himbi_G
Sasa tuna kitu mkononi. Nianze na hilo la mikro kwa sababu ndilo jepesi kulimaliza.

Mikro haihesabu kundi kwa kundi. Inakusanya majibu sahihi yote, kisha makosa yote, kisha inagawanya mara moja. Majibu sahihi ni mlalo: 318 + 102 + 27 + 3 = 450. Sasa angalia kosa moja, mfano picha ya bakteria iliyoitwa mozaiki. Kwa mozaiki hilo ni jibu la uongo lililoongezeka, kwa bakteria ni picha iliyopotea. Kosa moja linaandikwa mara mbili, mara moja kila upande. Kwa hiyo jumla ya waliosingiziwa ni 50 na jumla ya waliopotea ni 50, lazima zilingane. Presisheni ya mikro ni 450/500, rikoli ya mikro ni 450/500, na F1 yao ni 0.90. Hiyo ndiyo akurasi yako. Ukiweka safu tatu za mikro kwenye jedwali, umeandika akurasi mara nne, na mjuzi atakayesoma ataona mara moja.

Ndiyo maana ripoti ya sklearn haikukuonyesha mstari wa `micro avg`, imeandika `accuracy` tu. Siku ukiuona mstari huo kwenye tatizo la jibu moja kwa picha, jua kwamba kwenye `labels` umepitisha baadhi tu ya makundi. Hapo jumla mbili hazilingani tena, kwa kuwa upande mmoja wa kosa unaweza kuwa nje ya orodha.

Sasa angalia mstari wako wa `weighted avg`. Rikoli yake ni 0.900. Hiyo nayo ni akurasi: ukichukua rikoli ya kundi ukaizidisha na idadi yake unapata majibu sahihi ya kundi hilo, ukijumlisha yote unarudi kwenye 450. Kisha tazama F1 yake, 0.891. Presisheni ni 0.894, rikoli ni 0.900, na F1 iko chini ya zote mbili! F1 ya kawaida hukaa katikati ya presisheni na rikoli. Hii imetoka nje kwa sababu si F1 ya namba hizo mbili, ni wastani wa F1 nne. Si kosa la programu, lakini ukiiweka mbele ya jopo uwe tayari kuieleza.

RadioKijiji
Samahani, mimi napata tofauti. Naainisha jumbe za wasikilizaji: maji, umeme, barabara, usalama. Mikro F1 yangu ni 0.81, na `accuracy_score` inatoa 0.62. Kwa hiyo hiyo habari ya kwamba mikro ni sawa na akurasi si kweli. Au nina toleo la zamani la sklearn?

Himbi_G
Ujumbe mmoja kwako unaweza kuwa na lebo mbili, sivyo? Mtu analalamika hana maji wala umeme.

RadioKijiji
Ndiyo, nyingi ziko hivyo. Nyingine hazina lebo hata moja, ni salamu tu.

Himbi_G
Basi tatizo lako ni jingine na toleo lako halina shida. Modeli ikisahau lebo ya umeme bila kuweka nyingine mahali pake, kuna kilichopotea lakini hakuna aliyesingiziwa. Kosa haliandikwi tena pande mbili, kwa hiyo presisheni na rikoli za mikro zinaachana, na mikro F1 inakuwa namba yenye habari yake. Na kwa data ya namna hiyo `accuracy_score` inahesabu ujumbe kuwa sahihi pale tu lebo zote zimekubaliana. Umepata maji, umekosa umeme, hesabu ni sifuri. Ndiyo sababu iko chini sana. Kwako wewe mikro na makro zote mbili zinafaa kuandikwa. MwanaKadutu ana jibu moja kwa picha, yeye mikro haimpi kitu.

FundiWaData
Sawa, kuhusu uzito nakubali. Lakini basi aandike makro, na faida yake kubwa ni kwamba makro haitegemei muundo wa data ya majaribio. Ukiongeza mozaiki mara kumi, makro inabaki ile ile. Ndiyo maana watu wanaipenda.

Himbi_G
Nusu yake ni kweli. Rikoli ya makro haitegemei, kwa sababu kila rikoli inahesabiwa ndani ya mstari wake. Ukileta picha nyingi zaidi za aina ile ile ya mozaiki, 318 kwa 330 inabaki sehemu ile ile. Presisheni inahesabiwa kwenye safu, na kwenye safu makundi yanachanganyika. Muundo ukibadilika, presisheni inabadilika, na F1 inaifuata.

Tumia jedwali lake lile lile. Tuseme kwenye mashamba halisi majani mazima ni 60 kwa 100, mozaiki 30, michirizi 8 na bakteria 2. Hizi ni namba za kufanyia hesabu tu, sizisemi kuwa za Kivu. Rikoli ziache kama zilivyo. Katika majani 100, modeli itaita mozaiki yale 28.9 ambayo ni mozaiki kweli, pamoja na 3.3 mazima, 2.1 ya michirizi na 1.2 ya bakteria. Jumla 35.5. Presisheni ya mozaiki imeshuka kutoka 0.922 hadi 0.814, modeli ni ile ile na haijaguswa. Kinachochekesha ni kwamba akurasi inabaki karibu pale pale, 0.897. Mtu anayeangalia akurasi peke yake angesema hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo kabla ya kusifu namba yoyote, MwanaKadutu, jiulize 330 kwa 110 kwa 45 kwa 15 imetoka wapi. Ni hivyo mashamba yalivyo, au ni hivyo picha zilivyopatikana?

MwanaKadutu
Ni hivyo zilivyopatikana. Mozaiki ni rahisi kuitambua, kila aliyepiga picha alileta hiyo. Bakteria ilikuwa shida kuipata.

Himbi_G
Basi wastani wenye uzito, na akurasi pia, vinapima muundo wa ukusanyaji wako. Uzito wa 0.66 kwa mozaiki haumaanishi chochote nje ya folda yako. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kutoweka 0.891 kwenye muhtasari, kuliko hata hilo la bakteria kumezwa. Kama ungekuwa umechukua mashamba kwa bahati nasibu na kupiga kila jani unalokutana nalo, ningekuwa na maneno mengine: hapo akurasi inajibu swali la kweli, yaani ukilichukua jani lolote la Kabare, ni mara ngapi modeli itapatia.

YayaKatuba (Lubumbashi)
Wadogo zangu, mimi niko upande wa mawe. Aina 6: malakiti, heterojeniti, kalkopiriti, borniti, karoliti na dolomiti tupu. Karoliti nina picha 7 tu. Nafanya vipande vitano vya majaribio kwa zamu, na makro F1 inaruka: kipande kimoja 0.81, kingine 0.58. Akurasi yenyewe imetulia, 0.86 hadi 0.89. Nimeshabadilisha kasi ya kujifunza, nimeongeza picha za kugeuzageuza, bado. Modeli ina nini?

Himbi_G
Yaya, kabla ya kugusa modeli: unagawanya kwa `KFold` au `StratifiedKFold`?

YayaKatuba
`KFold`, na `shuffle=True`.

Himbi_G
Tatizo liko hapo. Picha 7 zikitupwa ovyo kwenye vipande vitano, ni rahisi kipande kimoja kikose karoliti kabisa. Sasa angalia sklearn inafanya nini. Usipompa orodha ya `labels`, anachukua makundi anayoyaona kwenye ukweli na kwenye majibu, akiyaunganisha. Kipande kisicho na karoliti, na modeli haikuitaja karoliti: kundi linatoweka kimya kimya na makro inagawanywa kwa 5 badala ya 6. Kundi lako gumu limeondoka, namba inapanda hadi 0.81. Kipande kingine nacho hakina karoliti, lakini modeli imeliita jiwe moja karoliti: sasa kundi lipo, F1 yake ni sifuri, na mgawanyo ni kwa 6. Namba inaporomoka. Vipande viwili visivyo na karoliti hata moja, kimoja kimezawadiwa, kingine kimeadhibiwa.

Utajuaje kama ndicho kinachokupata? Chapisha `np.unique(y_test, return_counts=True)` kwa kila kipande. Pia kama umezima maonyo, yawashe. `UndefinedMetricWarning` ndiyo inayokuambia kuna kundi ambalo presisheni au rikoli yake imegawanywa kwa sifuri.

YayaKatuba
Nimechapisha. Vipande viwili havina karoliti, kimoja kina 3. Kile cha 0.81 kweli hakina. Maonyo nilikuwa nimeyazima, yalikuwa yanajaza skrini.

FundiWaData
Weka `zero_division=1` yaishe.

Himbi_G
Hapana Fundi, hapo unampa alama kamili kwa mtihani ambao hakuufanya. Tangu sklearn 1.3 unaweza kuweka `zero_division=np.nan`, na kisichohesabika kinaachwa nje ya wastani. Hiyo ni ya haki zaidi, lakini bado kila kipande kinagawanywa kwa idadi yake.

Yaya, njia iliyonyooka ni kutumia `StratifiedKFold`, ambapo kila kipande kitapata karoliti 1 au 2, kisha usihesabu makro kwa kila kipande. Kusanya majibu ya vipande vyote vitano, kila picha ikiwa imejibiwa mara moja na modeli isiyoijua, na uhesabu makro mara moja juu ya mkusanyo:

```python
cv = StratifiedKFold(5, shuffle=True, random_state=0)
p = cross_val_predict(clf, X, y, cv=cv)
f1_score(y, p, labels=L, average="macro")
```

`L` ni orodha ya aina zako zote 6, iandike kwa mkono. Ukihesabu kwa kila kipande hata baada ya kugawa vizuri, kipande chenye karoliti moja kina rikoli ya 0 au 1, hakuna katikati, na hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya sita ya makro yako.

YayaKatuba
Nitaijaribu. Lakini karoliti 7 ni 7 tu, au sivyo?

Himbi_G
Ni 7 tu. Hesabu haizai picha.

MwanaKadutu
Turudi kwangu kidogo. Niko tayari kuandika makro. Lakini nikichukua presisheni ya makro 0.831 na rikoli ya makro 0.673, nikazipitisha kwenye fomula ya F1, napata 0.744. Ripoti inasema 0.709. Nimekosea kuhesabu?

Himbi_G
Hujakosea. Hizo ni makro F1 mbili, na zote mbili zinatumika kwa jina moja. Ya kwanza ni wastani wa F1 za makundi:

```
(0.942 + 0.903 + 0.675 + 0.316) / 4 = 0.709
```

Ya pili ni F1 ya wastani:

```
2 * 0.831 * 0.673 / (0.831 + 0.673) = 0.744
```

Ya pili haiwi chini ya ya kwanza kamwe, na pengo linakua pale kundi lina presisheni nzuri na rikoli mbovu huku jingine liko kinyume, au kundi moja limepasuka kama bakteria yako, 0.750 kwa 0.200. Kwenye F1 ya kundi, ile 0.200 inaiburuta 0.750 chini. Kwenye fomula ya pili, 0.750 inakimbilia kwenye wastani wa presisheni na kujificha huko kabla haijakutana na 0.200.

sklearn anatumia ya kwanza, na ndiyo ningeitumia. Lakini usiishie hapo. Ukijilinganisha na kazi ya mtu mwingine aliyeandika "makro F1 0.74" bila fomula, huwezi kujua kama amekushinda au mmelingana. Akiwa ameweka jedwali la presisheni na rikoli za kila kundi, hesabu mwenyewe upya. Hakuweka, usiziweke kwenye safu moja.

FundiWaData
Naona sasa tunaiabudu makro. Kuna upande wake mbaya pia. Picha 15 za bakteria zinabeba robo ya namba. Modeli ikipata picha tatu zaidi hapo, makro itaruka, na mtu ataandika kwamba njia yake mpya ni bora.

Himbi_G
Hapo Fundi umesema kweli, na tuihesabu. Chukua picha tatu kati ya zile 9 za bakteria zilizoitwa mozaiki, zirudishe kwao. Bakteria sasa ni 6 kwa 15, F1 yake inakuwa 0.545. Mozaiki inapanda kidogo hadi 0.946. Makro inatoka 0.709 hadi 0.767. Akurasi inatoka 0.900 hadi 0.906. Picha tatu kati ya 500, karibu 0.06 ya makro. Ukibadilisha mbegu ya bahati nasibu na kufundisha modeli upya, picha tatu zinaweza kuhama zenyewe bila sababu.

Kwa hiyo makro bila kiwango cha shaka ni nusu ya habari. Njia ya mkono ni kuangalia rikoli ya bakteria peke yake: 3 kwa 15, kwa fomula ya Wilson ya asilimia 95, ni kati ya 0.07 na 0.45. Hapo tu umeshajua ukubwa wa giza. Kwa makro yenyewe, chota upya picha zako 500 kwa kurudisha, mara 2000:

```python
rng = np.random.default_rng(0)
n, s = len(y), []
for _ in range(2000):
    i = rng.integers(0, n, n)
    s.append(f1_score(y[i], p[i], labels=L,
             average="macro", zero_division=0))
print(np.percentile(s, [2.5, 97.5]))
```

`y` na `p` ziwe safu za numpy. Kwa jedwali lako nategemea upana wa kama 0.15 kutoka chini hadi juu. Mtu akikuletea modeli yenye makro ya 0.73 kwenye picha hizo hizo, hana cha kujivunia bado.

Jambo jingine dogo: weka pia modeli ya kijinga inayoita kila jani mozaiki. Akurasi yake ni 0.66, F1 yenye uzito 0.525, makro F1 0.199. Msomaji akiiona 0.66 pembeni ya 0.90 ataelewa kwamba theluthi mbili za safari zilikuwa za bure.

MamaShamba (Kabare)
Wanangu, nimesoma yote, na bado sijaona jibu la swali langu. Mimi kazi yangu ni kugawa miti ya kupanda. Mozaiki na michirizi vyote viwili husafiri ndani ya mti unaokatwa na kupandwa kwingine, mbali na inzi weupe wanaovieneza. Nikiambiwa jani ni zima, nakata mti huo nampa mama mwingine. Modeli ikichanganya mozaiki na michirizi, mimi sijali sana, yote sitayagawa. Je, 0.71 inaniambia nini? Na 0.90?

Himbi_G
Shikamoo Mama. Kwa kweli haikuambii chochote, wala 0.90. Swali lako liko kwenye safu moja ya jedwali, ile ya majibu ya "mazima". Modeli imesema zima mara 116. Kati ya hayo 102 ni mazima kweli, na 14 ni wagonjwa: 8 wa mozaiki, 5 wa michirizi, 1 wa bakteria. Kwa muundo wa picha hizi, karibu jani 1 kati ya 8 unaloambiwa ni zima lina ugonjwa. Na kwa michirizi, 5 kati ya 45 wanapita mlangoni.

Wastani wowote kati ya hizi haujui kosa lina hasara gani shambani. Kati ya bakteria kuitwa michirizi na michirizi kuitwa jani zima, makro, mikro na wenye uzito hazijui lipi ni baya zaidi kwa mkulima. Kwako Mama la kwanza ni bure na la pili ni hasara ya msimu.

MamaShamba
Basi mwanafunzi aandike hilo la 14 kwa 116. Hilo naweza kulisoma hata kwa mkulima.

FundiWaData
Lakini huo si mtihani wa makundi manne tena, ni makundi mawili, zima na gonjwa. Memwari yake inaahidi manne. Hawezi kubadilisha swali baada ya kuona majibu.

Himbi_G
Habadilishi. Anaongeza sentensi moja. Ila nakubali kwamba isiwe ndiyo namba ya kuchagulia modeli kama hakuisema mwanzoni.

MwanaKadutu
Nimejaribu kuandika. Nikosoeni:

"Kwenye picha 500 za majaribio (mozaiki 330, mazima 110, michirizi 45, bakteria 15), makro F1, yaani wastani wa F1 za makundi manne, ni 0.709, akurasi ni 0.900, dhidi ya 0.199 na 0.660 za modeli inayojibu mozaiki daima. Rikoli ya bakteria ni 3 kwa 15. Kati ya majani 116 yaliyotajwa kuwa mazima, 14 yalikuwa na ugonjwa. Muundo wa picha hautokani na sampuli ya mashamba." Jedwali la mkanganyiko liko kwenye ukurasa unaofuata. Kiwango cha shaka nitakiweka nikimaliza kukihesabu.

Direktere alitaka namba moja, hapa zimekuwa nyingi. Sijui atasemaje.

Himbi_G
Akikulazimisha namba moja, ni makro F1 na fomula yake. Mikro na wenye uzito usiziweke popote, jedwali la mkanganyiko linamtosha yeyote anayezitaka, atazihesabu mwenyewe kwa dakika mbili.

FundiWaData
Mimi ningetanguliza akurasi hata hivyo. Jopo halijui makro ni nini, na utapoteza dakika zako kumi za kujitetea ukieleza wastani.

MamaShamba
Swali moja, mwanafunzi. Hizo picha 15 za bakteria zimetoka mashamba mangapi?

MwanaKadutu
Mawili, Mama. Kumi na moja ni za shamba moja, nne zilizobaki ni za mti mmoja kutoka pembe tofauti.

Himbi_G
Lo. Basi ile 0.07 hadi 0.45 ni finyu kuliko ukweli, kwa sababu fomula inadhani picha 15 hazihusiani. Kwenye kuchota upya, chota mashamba mazima badala ya picha moja moja, ingawa kwa mashamba mawili sioni kama namba itakayotoka itakuwa na maana. Na angalia kwanza kama picha nyingine za mti huo ziliingia kwenye mafunzo. Una orodha ya ni picha ipi imetoka mti upi?

MwanaKadutu
Jina la faili lina tarehe na shamba. Mti haumo.